UZI: Mahakama imesema kijana wetu "hawezi kujibu kesi". Ndiyo imekwisha?

Binti_Mtambwe
Assalaam alaykum jamani. Naomba mwenye kujua anisaidie, maana kila mtu hapa kijijini ana lake.

Mtoto wa kaka'ngu, miaka 26, anaumwa akili tangu alipomaliza skuli. Alikuwa vizuri akipigwa sindano ya mwezi. Mwezi wa Shaaban ndiyo alipigwa ya mwisho. Ramadhani ikaingia, wazee wakasema sindano inafunguza, halafu akapelekwa kwa mtu wa kumsomea. Baada ya Idi akaanza kutolala, anasema redio ya jirani inamtangaza. Usiku mmoja banda la huyo jirani likaungua na magunia ya karafuu ndani. Wanasema ni yeye, na mwenyewe hakukataa wala hakukubali.

Mahakamani aliposomewa shtaka akamwambia hakimu: "Mimi nishajibu, hukusikiliza redio jana?" Hakimu akasimamisha, akaamuru apimwe. Ripoti imekuja na hakimu amesema kijana hana uwezo wa kujibu kesi kwa sasa, kesi iahirishwe, arudi hospitali. Babu yake amefurahi, amechinja kuku, anasema mtoto kaachiwa. Jirani kanuna, anasema tumenunua daktari. Mie sijui nicheke au nilie. Kesi imekwisha au haijaisha? Atakaa huko mpaka lini?

Mzee_wa_Forodhani
Poleni sana. Lakini babu yuko sahihi. Sheria zetu zinajua kuwa kichaa hana kosa. Daktari akishaandika kuwa ni mgonjwa, hapo hakuna kesi tena, akipona anarudi nyumbani. Hata kwenye dini kalamu imenyanyuliwa kwa mwendawazimu mpaka apate akili.

Wakili_Chake
Mzee Forodhani, heshima yako, lakini umechanganya nyakati mbili, na watu wengi wanaumia kwa kuchanganya hizo.

Swali la kwanza ni la usiku wa moto: wakati anafanya, alijua anachofanya na alijua kuwa ni kosa? Hiyo ndiyo kalamu unayoizungumza. Swali hilo linajibiwa ndani ya kesi, mashahidi wakishasikilizwa, na ni utetezi.

Swali la pili ni la asubuhi ya mahakamani: huyu mtu aliyesimama hapa leo anaweza kuendesha kesi yake? Anafahamu anashtakiwa nini, anaweza kufuata shahidi anasema nini, anaweza kumwambia wakili wake "huyo anasema uongo, mie siku hiyo nilikuwa kwa fulani"? Kama hawezi, kesi haisikilizwi, kwa sababu itakuwa kama kumhukumu mtu asiyekuwepo.

Hakimu wa kijana wenu amejibu la pili tu. La kwanza hajaligusa. Hajasema alichoma, hajasema hakuchoma, hajasema alikuwa mwendawazimu usiku ule. Kwa hiyo Binti Mtambwe, kuku kaliwa mapema. Kesi iko hai, imelala. Kijana akipata nafuu ataitwa na shtaka litaanza pale lilipoachwa au litasomwa upya.

Mtu anaweza kuwa mzima kabisa siku ya kesi na bado akashinda kwa sababu alikuwa mgonjwa siku ya tukio. Na anaweza kuwa alikuwa mzima siku ya tukio, akaugulia rumande, kesi ikasimama. Na hata anayeonekana alifanya tendo akiwa hana akili, haondoki mlango wa mahakama moja kwa moja kwenda kwao. Naye kwa kawaida anaamriwa kuwekwa mahali chini ya uangalizi.

Kijana_wa_Temeke
Mbona rahisi. Kuna kifungu kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai: mahakama inampeleka hospitali, daktari anatakiwa alete ripoti ndani ya siku 42. Anapelekwa Isanga, Dodoma. Mwambieni huyo hakimu afuate sheria.

Wakili_Chake
Ndugu yangu wa Temeke, hiyo ni sheria ya Bara. Mambo ya jinai si ya Muungano. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya mwenendo wa jinai, namba 7 ya 2018, tuna Mahakama Kuu yetu na tuna Mkurugenzi wetu wa Mashtaka. Tunakutana nanyi juu, Mahakama ya Rufani. Mgonjwa wetu hapelekwi Isanga, anapelekwa Kidongo Chekundu, Unguja. Mtu akienda masjala ya Chake na kifungu cha Bara mkononi watamsikiliza kwa adabu tu.

Kijana_wa_Temeke
Sawa mkuu, nimekubali. Ila mawazo ni yale yale, si ndiyo?

Wakili_Chake
Mzizi ni mmoja, wa mkoloni. Ndiyo maana hata kasoro zinafanana, nitazifikia.

Nesi_Mstaafu
Mimi nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili miaka mingi, sitosema wapi. Nijibu hilo la jirani kuwa daktari kanunuliwa, maana nalisikia kila mara: "Mbona huyo anajua jina lake, anajua leo Jumatatu, anajua hakimu? Kichaa gani huyo?"

Kujua siku hakutoshi. Chukua mfano wa kijana kama huyu. Unamuuliza unashtakiwa nini, anakwambia kuchoma banda. Hakimu kazi yake nini? Kuamua. Ukikubali kosa, nini kitafuata? Nitafungwa. Mpaka hapo amepasi yote. Halafu unamuuliza: wakili wako je, utamwambia nini? Anainama, anakwambia kwa sauti ya chini kuwa wakili ndiye aliyetiwa mashine na jirani, kila atakalomwambia litatangazwa redioni, kwa hiyo yeye hatafungua mdomo. Hapo ndipo kesi ilipovunjika. Anaijua mahakama yote lakini hawezi kuitumia, kwa sababu mtu pekee wa kumsaidia ndani ya chumba kile anamuona adui. Ripoti nzuri inaandika hivyo hasa. Ripoti mbaya inaandika mstari mmoja, "mgonjwa wa akili", na hakimu akiwa makini anairudisha, kwa sababu ugonjwa peke yake si jibu. Wapo wagonjwa wengi tu wanaosikia sauti na bado wanaweza kufuata kesi vizuri.

Mkulima_wa_Ole
Na wanaojitia wazimu je? Wapo. Tuliona mmoja alikuwa anakula mchanga kila akipandishwa karandinga.

Nesi_Mstaafu
Wapo, yakhe. Ndiyo maana hapimwi kwa nusu saa. Analazwa, na anayemjua si daktari wa raundi ya asubuhi, ni sisi wa zamu ya usiku. Anayejitia huwa mgonjwa mbele ya watu. Akiulizwa mbili na mbili anasema tano, ng'ombe ana miguu mitatu. Usiku analala fofofo, anakula vizuri, anacheza karata na wenzake. Mgonjwa wa kweli mara nyingi hufanya kinyume chake: anakwambia "siumwi, niacheni niende", anaficha, halafu saa nane za usiku unamkuta amekaa kitandani anabishana na ukuta. Lakini nisikudanganye, wapo waliotushinda. Na wapo wagonjwa kweli ambao pia wanatia chumvi.

Ummu_Salma
Samahani, na mimi nina swali hapo hapo. Mume wangu ana maradhi haya mwaka wa nne, hanihudumii. Nikienda mahakamani wataniambia hawezi kujibu kesi? Nataka talaka yangu tu.

Wakili_Chake
Bi Ummu Salma, lako ni la Kadhi, si la jinai. Hapa tunazungumzia mtu anayeshtakiwa na serikali. Kadhi ana njia zake kwa mume mgonjwa. Fungua uzi wako, nitakuja.

Binti_Mtambwe
Nimeelewa kuwa haijaisha, na babu sijamwambia bado. Lakini kuna jambo. Kijana sasa ameanza kutulia, nimezungumza naye kwa simu ya nesi. Anasema moto haukumbuki kabisa. Kama hakumbuki, si bado hawezi kujibu kesi?

Wakili_Chake
Hapana, kusahau peke yake hakumtoi. Mtu aliyegongwa na gari akasahau tukio anashtakiwa na kesi inaendelea. Muhimu ni leo: akisikia shahidi akisema "nilimuona na kibiriti", anaweza kuelewa maneno hayo yana uzito gani na kumwambia wakili amuulize nini? Anaweza kusema "mie sikumbuki, lakini muulize saa ngapi na kulikuwa na mwanga gani". Hiyo ni akili timamu ya kuendesha kesi.

Nikupe sasa lile unalohitaji zaidi. Nenda masjala na namba ya kesi, omba kusoma amri yenyewe, si kusimuliwa. Angalia vitu vitatu: imesema akae wapi, imesema ripoti nyengine iletwe lini, na imetaja tarehe ya kesi kutajwa tena. Kama hakuna tarehe, hilo ndilo tatizo lako kubwa kuliko jirani. Amri ya namna hii haina mwisho ndani yake. Aliyefungwa miaka mitatu anajua atatoka lini. Huyu amewekwa "mpaka apate nafuu", na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu siku.

Mkulima_wa_Ole
Hapo umegusa kidonda. Nisimulie ya mdogo wangu.

Alivunja vioo vya duka, kosa la kuharibu mali. Hata angetiwa hatiani, thamani ya vioo ile, labda angelipishwa faini. Akaonekana hawezi kujibu kesi. Ripoti ya kwanza ilichukua wiki tano, hilo sina ugomvi nalo. Akatibiwa, miezi mitatu akawa mzima, anasali, anatuuliza habari za mikarafuu. Hospitali wakaandika barua kuwa sasa anaweza. Basi. Kimya.

Sisi tukadhani mahakama inapanga tarehe. Mahakama ilidhani mtu bado mgonjwa. Barua ilikuwa imeingia afisi moja, sitoitaja, ikawekwa kwenye jalada la mtu mwengine mwenye jina la baba kama letu. Miezi saba. Mtu mzima, anakaa na wagonjwa, hana kesi inayosikilizwa wala hukumu. Aliyeigundua ni kijana msaidizi wa sheria wa shehia yetu, aliyekwenda na namba ya kesi kila baada ya wiki mbili mpaka karani akachoka naye akalitafuta jalada.

Kesi ilipoitwa, upande wa mashtaka ukaomba kuliondoa shauri. Jumla miezi kumi na tatu kwa vioo.

Mzee_wa_Forodhani
Laa haula. Kwa hiyo angekubali kosa siku ya kwanza angekuwa nyumbani wiki hiyo hiyo?

Wakili_Chake
Ndiyo, Mzee. Na mawakili tunalijua hilo. Kwenye kosa dogo unajikuta unajiuliza kama uinue suala la akili ya mteja wako au unyamaze akalipa faini akaenda zake. Ukiinua umefuata sheria na pengine umemfungia. Ukinyamaza, umemwacha mtu akubali kosa asilolielewa. Mimi huinua, lakini silali vizuri.

Ndiyo maana nilisema kasoro zinafanana. Marekani walilikuta hili 1972. Bwana mmoja wa Indiana, kiziwi, hasemi, akili yake ya kitoto, alishtakiwa kwa uporaji wa mara mbili, jumla dola 9 tu. Akaonekana hawezi kujibu kesi, akaamriwa awekwe mpaka apone. Sasa ulemavu ule haukuwa wa kupona. Maana yake kifungo cha maisha kwa dola 9 bila kuhukumiwa. Mahakama yao ya juu ikasema: unaweza kumweka kwa muda wa kiasi tu, wa kujua kama kuna matumaini ya kweli kwamba ataweza. Kama hakuna, ama mfuate utaratibu wa kawaida wa kumlaza mgonjwa yeyote asiye na kesi, ama mwacheni. Australia nako mwenye ulemavu wa akili alikaa zaidi ya miaka kumi gerezani kwa njia hii, na mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ikasema haki zake zimevunjwa. Mkataba ule Tanzania imeuridhia tangu 2009. Haya hayamfungi hakimu wetu moja kwa moja, lakini nimeyatumia mahakamani na nimesikilizwa.

Jirani_Asiyenuna
Nisome yote haya halafu niulize: na aliyechomewa? Mie si jirani wa huyu dada, lakini nishawahi kuchomewa. Karafuu ile ni ada ya skuli ya watoto. Kila mtu hapa anamlilia mgonjwa.

Wakili_Chake
Una haki ya kuuliza. Jinai ikisimama, madai ya fidia hayafi kwa sababu hiyo, yanaweza kufunguliwa peke yake. Lakini nikwambie kweli, kumdai kijana mgonjwa asiye na kitu ni kupoteza nauli. Nimeona yakimalizika kwa sheha na wazee, familia ikalipa kidogo kidogo kila msimu. Malipo hayo hayaui kesi, ingawa Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuyaangalia. Yeye peke yake, chini ya kifungu cha 56A cha Katiba ya Zanzibar, ndiye mwenye uwezo wa kulisimamisha shauri. Jirani hana, na hata hakimu hamlazimishi.

Jirani_Asiyenuna
Kwa hiyo kwangu hakuna jibu.

Wakili_Chake
Jibu zuri, hakuna.

Binti_Mtambwe
Hivi hatuwezi kumchukua tukamtibu nyumbani? Kutoka Pemba mpaka Unguja kumuona ni boti kwenda na boti kurudi, na pa kulala.

Wakili_Chake
Mnaweza kuomba. Mahakama kwa mfumo wetu inaweza kumtoa kwa dhamana ikiwa kosa lina dhamana na wapo wadhamini watakaohakikisha anatunzwa, hadhuru mtu, na analetwa akitakiwa. Lakini kuchoma moto ni kosa zito, na hakimu atauliza jambo moja: nani alimsimamishia sindano?

Nesi_Mstaafu
Na hilo ni swali la haki. Dada, sindano ya msuli si chakula wala kinywaji, masheikh wengi wanasema haifunguzi, na hata mwenye wasiwasi anaweza kupigwa baada ya futari. Ile dawa hukaa mwilini wiki kadhaa, ndiyo maana mlimuona mzima Ramadhani nzima mkadhani kisomo kimefanya kazi. Ilikuwa inaisha taratibu.

Na kuna hatari nyengine mbele. Akishaandikiwa kuwa anaweza, pengine atarudishwa rumande, Chuo cha Mafunzo, kungoja tarehe. Hapo ndipo dawa inapokatika. Karatasi ya hospitali inabaki kwenye jalada, askari wa zamu haioni, mwezi unapita, na siku ya kesi anasimama mtu yule yule wa redio. Mzunguko unaanza upya. Nimempokea mtu mmoja mara nne kwa shtaka moja. Akihamishwa tu, nendeni siku hiyo hiyo na tarehe ya sindano inayofuata mkaikabidhi zahanati ya chuo, mkaandikiwa jina la aliyepokea.

Mzee_wa_Forodhani
Kusomewa nako kusibezwe lakini.

Nesi_Mstaafu
Sibezi Mzee. Asomewe na apigwe sindano.

Binti_Mtambwe
Nimerudi. Nimekwenda masjala leo. Amri haikuwa na tarehe, kama alivyosema Wakili. Karani alikuwa muungwana, amempelekea hakimu, imeandikwa itajwe tarehe 14 na hospitali iandikiwe ilete ripoti. Babu nimemwambia. Amenyamaza, kisha akauliza kuku wa watu atalipwa na nani, maana alimkopa kwa jirani mwengine.

Nimeambiwa niende na kadi ya kliniki ya zamani. Imeliwa na mende kurasa mbili.

Nesi_Mstaafu
Ukurasa wa mwisho upo? Umeandikwa nini?

Binti_Mtambwe
Upo. Flufenazini, Shaaban, na chini yake mtu ameandika "arudi baada ya wiki nne".

Nesi_Mstaafu
Usiitie plastiki, usiiandike chochote juu yake. Ipeleke hivyo hivyo.